Kumwondoa Bi. M. kwenye mashine ya kupumulia: uchambuzi kwa kanuni nne

Bi. M. ana miaka 74, ni mwalimu mstaafu na mjane. Alianguka ghafla, akafikishwa hospitali bila fahamu. Picha ya kichwa ilionyesha damu imevuja ndani ya ubongo, kiasi cha mililita 60, na imepenya hadi kwenye vyumba vya ubongo. Kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow alipata 4 kati ya 15. Leo ni siku ya 12. Dawa za usingizi zilisitishwa siku sita zilizopita, ila alama hazijapanda. Amepata nimonia, na kwa siku nne sasa figo zinazidi kushindwa. Mrija wa kupumulia uliopita mdomoni hauwezi kukaa hapo bila kikomo, kwa hiyo uamuzi umefika: ama atobolewe tundu kooni, awekewe mrija wa chakula tumboni na aanze kusafishwa damu kwa mashine, ama mashine ya kupumulia iondolewe na apewe tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso bila kulenga kumponya.

Hakuacha maandishi. Binti anayeishi naye anasema mama alitamka mara mbili, baada ya kumuuguza dada yake aliyelala kitandani miezi mitano: "Mimi msinifanye hivi. Nikishindwa kuwatambua, niacheni niende." Mwanawe mkubwa, aliyefika siku ya nne, anataka kila kinachowezekana kifanyike. Mama hajawahi kukata tamaa, anasema, na uhai si wetu kuukatisha.

Insha hii inatumia kanuni nne zilizopendekezwa na wanazuoni wa maadili ya tiba Beauchamp na Childress mwaka 1979: kuheshimu uhuru wa mtu kujiamulia, kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, na haki. Ninadai kwamba tundu la kooni si wajibu, na kwamba mashine iondolewe, lakini si leo. Zinahitajika saa 72 zenye masharti, zikijumuisha kusafisha damu kulikoombwa na mwana, ingawa kwa sababu tofauti kabisa na yake.

Kanuni haziwezi kuanza kazi kabla ya ukweli wa kitabibu kupangwa, na hapa kuna mtego. Kwa alama za Hemphill za mwaka 2001, zinazokadiria hatari ya kifo baada ya damu kuvuja ndani ya ubongo, Bi. M. anapata 4: mbili kwa kiwango cha fahamu, moja kwa damu iliyofika mililita 30 au zaidi, moja kwa damu iliyoingia kwenye vyumba vya ubongo. Katika kundi la awali la wagonjwa 152, asilimia 97 ya waliopata 4 walifariki ndani ya siku 30. Inashawishi kunukuu namba hiyo na kufunga mjadala. Lakini alama hizo hupimwa siku ya kulazwa, na Bi. M. ameshavuka siku 12. Zaidi ya hapo, utabiri wa aina hii huweza kujitimiza wenyewe: wagonjwa wanaodhaniwa hawana tumaini huondolewa mashine, wanafariki, na vifo vyao vinahesabiwa kama ushahidi kwamba tumaini halikuwepo. Ndiyo maana miongozo ya kuvuja damu kwenye ubongo inashauri kutoharakisha maagizo ya kutomfufua mgonjwa kabla ya siku ya pili kamili ya kulazwa.

La pili ni figo. Midazolamu, dawa ya usingizi aliyopewa, huacha mabaki yanayotolewa na figo. Figo zikishindwa, mabaki hayo hurundikana, na urea, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, ikipanda nayo huzima fahamu. Kwa hiyo ile 4 ya Glasgow ya leo haisomeki vizuri: hatujui ni ubongo ulioharibika peke yake au ni ubongo uliofunikwa na sumu na dawa. Anayeruka hatua hii atachambua maadili ya mgonjwa ambaye huenda si huyu aliye kitandani.

Sasa uhuru wa kujiamulia. Bi. M. hawezi kuamua, lakini kanuni hii haifi pamoja na uwezo wake. Inahamia kwenye uamuzi wa niaba: yeye mwenyewe angechagua nini? Kosa la kawaida katika insha za aina hii ni kuuliza kama kauli ya mdomo "inahesabika". Swali lenye faida ni kauli hiyo ilihusu nini. Ilitamkwa mara mbili, si kwa utani wa mezani, na mbele yake alikuwa na mfano hai wa hali aliyoikataa, kwani alimwona dada yake kwa miezi mitano. Uzito wake ni mkubwa. Lakini ina sharti ndani yake: *nikishindwa kuwatambua*. Hakusema "nisiwekewe mashine". Hakukataa kusafishwa damu. Alikataa maisha ya namna fulani. Kwa hiyo tafsiri ya haki ya maneno yake haitupi amri ya kuondoa mashine siku ya 12. Inatupa wajibu wa kujua, kwa uhakika unaotosha, kama sharti lake limetimia na kama litabaki hivyo.

Mwana naye asikilizwe kwa usahihi. Anasema kama mtu anayetetea kumtendea mama mema, ila sentensi yake ya kwanza, kwamba mama hajawahi kukata tamaa, ni ushahidi kuhusu mama angetaka nini. Iingie kwenye mizani hiyo hiyo ya uamuzi wa niaba. Hapo inapungua nguvu, kwa kuwa inaeleza tabia yake kwa jumla, ilhali kauli aliyoisikia binti inagusa hali hii hasa. Sentensi ya pili, kwamba uhai si wetu kuukatisha, ni imani. Kama ni ya mama pia, ni lazima ihesabiwe. Kama ni ya mwana peke yake, anastahili heshima na faraja, lakini haiwezi kumwamulia mtu mwingine. Daktari amuulize wazi: "Mama angekuwa amekaa hapa, amesikia tuliyokwambia leo, angesema nini?" Kumuuliza "Wewe unataka tufanye nini?" kunamtwika uamuzi usio wake, na mara nyingi ndiko kunakomfunga kwenye jibu la "kila kitu".

Kutenda mema na kutodhuru ni vigumu kuzitenganisha katika kesi hii, na sioni faida ya kulazimisha. Tundu la kooni lina manufaa halisi: mdomo unakuwa huru, dawa za usingizi zinapungua, makohozi yanafyonzwa kwa urahisi. Kwa mgonjwa anayeelekea kupona ni daraja. Kwa asiyeelekea kupona ndilo lango la ile miezi mitano aliyoikataa, pamoja na vidonda vya mgandamizo, nimonia za kujirudia na kufyonzwa koo mara kadhaa kwa siku. Kitendo kile kile kinakuwa jema au dhara kutegemea matarajio ya ubongo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokitenda kabla ya kujua.

Kusafisha damu ni tofauti. Kama tiba ya kudumu sikuungi mkono, kwa sababu figo hazitamrudishia ubongo. Kama kipimo kunatetewa: vipindi viwili au vitatu ndani ya saa 72 vinashusha urea na kuondoa sehemu ya ukungu, kisha uchunguzi wa neva unarudiwa ukiwa na maana. Dhara lake, yaani mrija mshipani na hatari ya shinikizo kushuka, ni dogo na lina mwisho. Kwa sababu ya damu iliyovuja kichwani, kusafisha kufanyike bila heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na polepole, urea isiporomoke ghafla, maana kuporomoka huko huvimbisha ubongo.

Haki nitaipitia haraka. Wodi ina vitanda vichache na kuna wanaosubiri. Huo ni ukweli wa uongozi wa wodi, na ugawaji ufuate utaratibu uliowekwa kabla na unaowahusu wote. Daktari akiuingiza kimya kimya kwenye mazungumzo na watoto wa Bi. M., atavunja imani na kuwapa sababu ya kudhani mama anaondolewa ili kumpisha mwingine. Uchambuzi huu unasimama hata vitanda vyote vikiwa wazi.

Wanafalsafa Clouser na Gert walilalamika mwaka 1990 kwamba kanuni hizi ni orodha ya vichwa vya sura tu: hazisemi ipi ishinde. Lalamiko hilo ni zito kwa anayezihesabu kama kura, mbili huku na mbili kule. Lakini katika kesi hii mvutano mwingi umepungua kabla ya kupima uzito wowote, kwa kuzifafanua tu. "Heshimu uamuzi wake" imekuwa "hakikisha kama sharti alilolitaja limetimia". "Mtendee mema" imekuwa "tibu kinachoweza kugeuzwa, kwa muda uliotajwa". Kinachobaki ni swali moja la uzito: saa 72 za vifaa ambavyo huenda asingevitaka, dhidi ya kosa lisilorekebishika. Hapo nachagua saa 72, kwa kuwa dhara la kungoja lina kikomo.

Kipindi hicho kiwe na maandishi: antibaiotiki ziendelee, damu isafishwe, umeme wa ubongo upimwe, uchunguzi urudiwe kila siku na daktari yule yule. Watoto wote wawili waambiwe mwanzoni, wakiwa pamoja, ni ishara gani zitahesabiwa: kufuata amri, kama kufumba macho anapoambiwa, au kumfuata mtu kwa macho mara kwa mara. Kupepesa na kukunja mkono kwa kuchomwa havihesabiwi. Jambo hili lisiposemwa mapema, kila mtikisiko wa kidole utaongeza siku mbili.

Ishara zisipoonekana, mashine iondolewe. Kimaadili, kuondoa tiba hakutofautiani na kutoianza, ingawa moyo wa muuguzi anayezima mashine hauoni hivyo, naye aandaliwe. Hakuna dawa ya kulegeza misuli inayopaswa kubaki mwilini, kwa sababu itaficha dalili za kuhangaika. Kwa kuwa figo zimeshindwa, fentanili inafaa kuliko mofini, ambayo mabaki yake hurundikana: mikrogramu 25 hadi 50 mshipani, ikirudiwa kwa kufuata dalili, kama pumzi kuzidi 30 kwa dakika, pua kutanuka au uso kukunjamana, pamoja na dozi ndogo ya midazolamu. Dozi inayofuata dalili, ikiandikwa pamoja na dalili yenyewe, ndiyo inayotofautisha kutuliza na kuua. Nia pekee haionekani kwenye faili.

Mwana akiendelea kukataa, kamati ya maadili iitwe ndani ya zile saa 72, si baada yake. Kazi yake ni kuchunguza kama ana ushahidi kuhusu mama ambao hatujausikia. Na ikiwa siku ya tatu Bi. M. atafumba macho alipoambiwa afumbe, hata kama mkono mmoja hautarudi na maneno hayatatoka, sharti alilolitamka halijatimia. Kauli ya binti haiwezi tena kutumika kuondoa mashine, na swali la tundu la kooni linafunguliwa upya, safari hii likiwa na mgonjwa mwenyewe ndani ya mazungumzo.