Hotuba ya Mkuu wa Shule katika Ufunguzi wa Wiki ya Usalama Dhidi ya Moto

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mliokuja kutoka wilayani, walimu wenzangu, matroni, wapishi, walinzi na wanafunzi wapendwa, habari za asubuhi.

Nawashukuru wote mliofika. Nitasema jambo moja tu: utulivu wakati wa moto haumjii mtu kwa kuambiwa atulie, bali kwa kufanya mazoezi mara nyingi kiasi kwamba miguu inajua njia hata pale akili inapotishika.

Nchi yetu imelipa gharama kubwa kwa mioto ya mabwenini. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 walifariki katika bweni la Shauritanga, wilayani Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 wa Idodi, mkoani Iringa, walipoteza maisha. Wenzetu wa Kenya waliwazika wasichana 26 wa Bombolulu mwaka 1998, katika bweni ambalo mlango wake ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana nondo. Siwatajii haya ili mlale kwa hofu, maana hofu ndiyo adui ninayetaka kupambana naye wiki hii. Nawatajia kwa sababu mioto hii huwakuta watoto usiku, gizani, wakiwa usingizini, na hapo hakuna nafasi ya kuanza kuuliza mlango uko wapi.

Mara nyingi kinachoua katika bweni ni moshi, kabla miali haijamfikia mtu. Moshi wa moto hupanda juu na kujaa chini ya dari, hivyo hewa inayofaa kuvutwa hubaki karibu na sakafu. Anayesimama akakimbia huku akipiga kelele huvuta moshi mwingi zaidi kuliko anayeinama au kutambaa kuelekea mlangoni. Ukikuta mlango umefungwa, uguse kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue, tafuta njia nyingine. Wa mwisho kutoka aufunge mlango nyuma yake bila kutia komeo wala kufuli, ili kupunguza hewa inayochochea moto.

Katika zoezi la muhula uliopita nilisimama nje ya bweni la kidato cha pili nikitazama. Kengele ilipigwa, wengi wakatoka, kisha kundi zima likageuka na kurudi ndani: huyu kafuata kandambili, yule daftari, mwingine sanduku lake la vyakula. Wenye kurudi walikutana mlangoni na wenye kutoka, mlango ukaziba, na kicheko kikawa kikubwa. Siku hiyo kilikuwa kicheko kwa sababu hapakuwa na moto. Nasema wazi: hakuna kinachorudiwa, hata kama ni cheti cha kuzaliwa. Katika ukaguzi wetu pia tulikuta mlango wa nyuma wa bweni hilo umezibwa na matranka. Yameshaondolewa, na yeyote atakayeweka chochote pale, hata ndoo, atajibu kwangu.

Kuanzia wiki hii tutafanya zoezi kila mwezi. Baadhi mtatangaziwa, mengine hapana, na angalau moja kila muhula litafanyika usiku, nikijua kwamba mtalalamika. Rimu iliyotundikwa kwenye mwarobaini ikigongwa mfululizo bila kukoma, ni moto; ikigongwa kwa vipindi, ni ratiba ya kawaida. Mtatoka kwa mwendo wa haraka bila kusukumana, mtakusanyika kwenye goli la upande wa kanisa, na kila kiranja wa bweni ataita majina na kumkabidhi matroni idadi. Asiyeonekana atatajwa kwa maofisa wa uokoaji. Mwanafunzi mwenzake haruhusiwi kuingia kumtafuta. Matroni atabaki na funguo kiunoni usiku kucha, na mlango wa bweni hautafungwa kwa kufuli kutoka nje kwa sababu yoyote ile, hata ya nidhamu.

Mishumaa na hita za kuchemshia maji mabwenini zimekwisha kupigwa marufuku, nami sina la kuongeza. Wapishi watafundishwa kuzima mafuta yaliyoshika moto kwa kuyafunika, kamwe si kwa maji. Walimu na walinzi watajifunza kutumia mitungi ya kuzimia moto, na wote mtaikariri namba 114 ya Zimamoto, ambayo hupigwa mara moja moto unapoonekana, hata kama mnadhani mtaudhibiti wenyewe.

Zoezi la kwanza ni leo saa kumi jioni. Maofisa wetu watashika saa, kisha watatuambia mbele ya wote tulipokosea, tukiwemo walimu. Kwa maneno hayo, natamka rasmi kwamba Wiki ya Usalama Dhidi ya Moto imefunguliwa. Asanteni sana.