YAH: ZOEZI LA KUJIOKOA NA MOTO NA UTARATIBU WA KUWACHUKUA WATOTO, JUMATANO 22 JULAI 2026

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Temeke, Dar es Salaam.
13 Julai 2026

Ndugu wazazi na walezi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatano ya wiki ijayo, saa 4:30 asubuhi, watoto wakishamaliza uji, shule yetu itafanya zoezi la kujiokoa na moto. Hakutakuwa na moto wowote. Ile reli iliyoning'inizwa kwenye mwembe itagongwa mfululizo bila kupumzika, na kila mtoto, kuanzia awali hadi darasa la saba, atatoka na mwalimu wake kwenda uwanja wa mpira. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watakuwepo, na gari lao litaingia shuleni. Mkiliona, msishtuke.

Tunawaomba mzungumze na watoto mapema, hasa wadogo. Wakumbusheni mambo mawili tu: wasikimbie, na wasirudi darasani kufuata kitu chochote. Mabegi, viatu vilivyovuliwa, chupa za maji, vyote vitabaki ndani. Walimu watavitoa zoezi likiisha, kwa hiyo hakuna atakayerudi nyumbani bila daftari lake.

Siku hiyo hakutakuwa na masomo ya mchana. Watoto wote watachukuliwa kuanzia saa 6:00 mchana, na hapa ndipo tunapohitaji msaada wenu zaidi, kwani kuwakabidhi watoto nako ni sehemu ya zoezi.

Katika zoezi la mwaka jana madarasa yalikuwa matupu ndani ya dakika chache. Lakini wakati wa kuhesabu, mtoto mmoja wa darasa la pili hakuonekana. Walimu wawili walirudi ndani, wakapita darasa kwa darasa, choo kwa choo. Baada ya takribani dakika ishirini tukapata habari kwamba mjomba wake alimwona uwanjani, akamshika mkono na kuondoka naye. Hakuwa na nia mbaya. Ila siku ya moto wa kweli, walimu wale wangekuwa wanamtafuta ndani ya moshi mtoto ambaye yuko nyumbani anakula. Kwa sababu hiyo, hakuna mtoto atakayeondoka kabla hajahesabiwa na kusainiwa, hata kama mzazi wake amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Lango kuu litaachwa wazi kwa ajili ya gari la zimamoto. Tafadhali msiegeshe gari, bajaji wala pikipiki mbele yake. Wazazi mtaingilia lango dogo la upande wa zahanati. Uwanjani kila darasa litakuwa na meza yake, na mwalimu wa darasa atakuwa na rejista. Mtamtajia jina la mtoto, mtasaini, kisha ataletwa. Mwenye watoto wawili au zaidi aanze na meza ya mdogo.

Nyuma ya barua hii andikeni jina la mtoto, darasa lake, na majina na namba za simu za watu wawili mnaowaruhusu kumchukua. Dada wa nyumbani, bibi au dereva wa bodaboda anayemleta kila siku, wote lazima waandikwe. Asiyeandikwa hatakabidhiwa mtoto, hata kama tunamfahamu. Watoto wa darasa la tano hadi la saba waliozoea kurudi kwa miguu wataondoka kwa makundi ya mitaa yao wakishasainiwa na mwalimu, ila mzazi aandike kwamba ameruhusu. Kaka au dada wa madarasa hayo anaweza kumchukua mdogo wake ikiwa naye ameandikwa. Karatasi zirudi shuleni kabla ya Ijumaa 17 Julai.

Atakayechelewa asihofu. Mtoto atabaki chini ya mwarobaini pamoja na walimu wa zamu mpaka saa 9:00 alasiri.

Kama mtoto ana pumu, kifafa, haoni au hasikii vizuri, au anatembea kwa shida, mzazi afike ofisini wiki hii tupange ni mwalimu gani atakayekuwa naye. Tungependa pia kujua kama yupo mtoto aliyewahi kuunguliwa nyumba. Mlio ule unaweza kumrudishia mengi, na mwalimu wake atakaa naye karibu tangu asubuhi.

Mwezi Septemba 2020 wanafunzi kumi walipoteza maisha katika moto wa bweni huko Kyerwa, Kagera. Sisi hatuna bweni, lakini tuna madarasa yenye nondo madirishani na watoto wengi katika kila chumba. Kufuli zote za milango ya madarasa sasa hufunguliwa kabla ya vipindi kuanza na hazifungwi mpaka mtoto wa mwisho ametoka.

Mkiona moto popote, nyumbani au mtaani, namba ya Zimamoto ni 114, na kupiga ni bure.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu,
kwa niaba ya walimu na Kamati ya Shule