Kwa Nini Maji Hupanda Upande Mmoja: Maelezo ya Mchoro wa Neli ya U

Mchoro huu una picha mbili za neli ileile yenye umbo la U. Picha ya kwanza inaonyesha hali ya mwanzo, na ya pili inaonyesha hali ilivyokuwa baada ya vimiminika kuachwa vitulie kwa muda mrefu. Chini kabisa, mahali neli inapopinda, umechorwa mstari wa vitone uliosimama wima. Huo ndio utando, na jicho lianzie hapo kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Utando huo una vitundu vidogo mno ambavyo molekuli za maji hupenya kwenda pande zote mbili, lakini molekuli za sukari, kwa ukubwa wake, hubaki zilipo.

Mkono wa kushoto, ulioandikwa A, una maji matupu, na wa kulia, ulioandikwa B, una mmumunyo wa sukari. Mwanzoni kimo cha vimiminika ni sentimita 12 kila upande. Katika picha ya pili, A imeshuka hadi sentimita 9 na B imepanda hadi 15. Kwa kuwa mikono yote miwili ina upana uleule, sentimita 3 zilizopungua kushoto ndizo zilizoongezeka kulia: hakuna maji mapya yaliyotiwa, bali maji yamehama.

Yamehama kwa sababu molekuli hazitulii hata kimiminika kinapoonekana kimetulia. Daima zinahangaika, zinagongana na kuugonga utando. Kwa upande wa A, zote zinazofika kwenye utando ni za maji. Kwa upande wa B, sukari imechanganyika na maji na kuyapunguzia mwelekeo wa kutoka. Matokeo yake ni kwamba, katika muda uleule, molekuli za maji zinazovuka kutoka A kwenda B ni nyingi kuliko zinazorudi. Ndiyo maana kwenye utando kuna mshale mrefu unaoelekea B na mfupi unaoelekea A. Tafadhali usiupuuze ule mfupi, kwani maji hayaendi upande mmoja tu. Tunachokiita osmosisi ni tofauti kati ya safari hizo mbili.

Sasa tufike kwenye swali ambalo kwangu ndilo kiini cha mchoro mzima: kwa nini B haiendelei kupanda mpaka A ikauke? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba maji huhama hadi ukolezi wa pande zote mbili ulingane. Kwa mchoro huu jibu hilo si sahihi, na mchoro wenyewe unalikanusha. A ina maji matupu, na sukari haiwezi kuvuka. Kwa hiyo hata B ikipokea maji kiasi gani, bado itakuwa na sukari, na A haitakuwa nayo kamwe. Kinacholingana ni kasi ya kuvuka. Kadiri B inavyopanda, safu ya kimiminika iliyozidi ile ya A huulemea utando kwa uzito wake na kuyasukuma maji yarudi kushoto. Mshale mfupi hurefuka kidogo kidogo hadi ulingane na ule mwingine, na hapo kimo husimama, ingawa molekuli zinaendelea kuvuka kama kawaida.

Tofauti ya sentimita 6 iliyochorwa hutoa kanieneo ya paskali 590 hivi, ambayo ni ndogo sana. Tukitumia kanuni ya van 't Hoff, π = MRT, ambapo π ni kanieneo inayotosha kuzuia maji yasihamie kwenye mmumunyo, M ni ukolezi wake kwa moli, R ni kiwango kisichobadilika cha gesi na T ni halijoto kwa kelvini, mmumunyo wenye gramu 3.42 za sukari ya kawaida katika lita moja, kwa nyuzijoto 25 za Selsiasi, unaweza kuhimili safu ya maji yenye kimo cha mita 2.5 hivi. Ili B isimame kwenye sentimita 6 tu juu ya A, mmumunyo wake mwishoni lazima uwe na gramu 0.08 hivi za sukari kwa lita. Kwa mmumunyo mtamu wa kawaida, neli ndefu kama hii ingefurika zamani kabla ya kasi kulingana. Mchoraji amepunguza kimo ili picha itoshe ukurasani, na ni haki yake, mradi msomaji asidhani kwamba nguvu hii ni hafifu.

Tuseme sasa kwamba, kabla maji hayajaanza kuhama, tumeweka pistoni juu ya B na kuikandamiza kiasi cha kuzuia kimo kisipande hata kidogo. Kanieneo inayohitajika kwa kazi hiyo ndiyo kanieneo ya osmosisi ya mmumunyo huo. Tukikandamiza zaidi ya hapo, maji hutoka B kurudi A na kuiacha sukari nyuma, na kwa njia hiyohiyo mitambo hutoa maji matamu kutoka maji ya bahari.