Kufuatilia aplikesheni yangu: Msimamizi wa Mapokezi ya Zabibu, Dodoma

Jumanne 10 Juni, saa 2:20 asubuhi

Emanueli: Habari za asubuhi dada Rehema, pole na majukumu. Mimi ni Emanueli, yule wa Kibaigwa niliyekutumia meseji hapahapa LinkedIn mwezi uliopita kuhusu ile nafasi ya msimamizi wa mapokezi ya zabibu, kabla tangazo halijafungwa tarehe 30 Mei. Wakati ule tulikuwa bado hatujakonekti kwa hiyo nahisi ilidondokea kule kwenye "Message requests" ambako watu wengi hawachunguliagi, na sasa umenikubali ndo nikaona niirudishe juu ili usihangaike kuitafuta. Ahsante kwa kunikubali kwanza.

Emanueli: Sivii na barua nimeambatanisha tena hapa chini, ni faili moja, jina lake Emanueli_Mapokezi_Zabibu.pdf. Kwa kifupi tu usije ukalazimika kuifungua ukiwa barabarani: nina digrii ya hotikalcha ya SUA, kwa sasa nipo ghala la nafaka Kibaigwa napokea mahindi, napima unyevu na kusimamia mizani, na kwetu ni Mpunguzi ambako familia ina shamba la zabibu, kwa hiyo zabibu sijazijulia darasani tu.

Emanueli: Nnachoomba kujua ni kimoja, kama mchujo umeshafanyika au bado. Mkataba wangu wa hapa unaisha mwisho wa mwezi huu na bosi anataka nimwambie kabla ya tarehe 25 kama naongeza au naondoka, na mimi sipendi kusaini halafu katikati ya msimu nimwachie mtu mizani. Ukiniambia "bado" ni sawa, ukiniambia "tumeshapata mtu" pia ni sawa kabisa, ntajua nijipange vipi. Kazi njema dada.

Jumanne 17 Juni, saa 7:05 mchana

Emanueli: Dada Rehema habari za mchana. Nimeona meseji umeisoma, sikukimbizi, najua mwezi wa sita kwenye ofisi nyingi ni mambo ya kufunga hesabu na watu hawalali. Nimerudi kwa sababu nimelisoma tangazo lenu tena vizuri, kuna sehemu mmeandika "awe na uwezo wa kutatua migogoro na wakulima wakati wa mapokezi", na naona kwenye barua yangu niliipitia juujuu wakati hapo ndo penye kazi yenyewe. Naomba niongeze kidogo.

Emanueli: Hapa Kibaigwa ugomvi mwingi hauanzii kwenye bei, unaanzia kwenye kipimo. Mkulima katoka mbali na fuso, kalala njiani, anafika anaambiwa mahindi yako yana unyevu wa 15 na kiwango ni 13.5, basi anaona umemuibia, hasa kama umechukua bambo ukachoma gunia moja, ukaingia ofisini ukatoka na namba. Sisi tulikubaliana na wenzangu kwamba mashine inakaa nje mezani, anayechagua gunia la kuchoma ni mkulima mwenyewe na sisi tunachagua mengine, na namba anaisoma yeye kwa sauti, mimi naandika. Kelele hazijaisha, wapo watakaogomba hata ukiwapa mizani wakapime kwao, ila siku hizi mtu anabishana na mashine, habishani na mimi, na hiyo ni tofauti kubwa sana ukiwa na foleni ya magari nyuma yako.

Emanueli: Zabibu naona ni kesi ileile ila mbaya zaidi, maana mahindi ukiyakataa mtu anaweza kuyaanika turubaini akarudi wiki ijayo, zabibu ukizikataa saa nne asubuhi na jua hili letu la Dodoma, jioni hazifai. Na sukari haipo sawa shambani. Kishada cha juu kinachopigwa na jua na kile kilichojificha chini ya majani vinakupa Brix tofauti kabisa, hata kwenye kishada kimoja punje za juu na za chini hazilingani, sasa mtu akikamua punje moja kwenye rifraktomita halafu akatangaza hili shamba ni 18, huo sio upimaji, ni kutafuta ugomvi. Kuna na hii ya kumwagilia karibu na kuvuna ili uzito uongezeke, nyumbani kwetu tunaijua vizuri haha, sukari inashuka halafu mkulima anashangaa.

Emanueli: Ningepewa kituo ningeanza na vitu vya kawaida tu: kupita mashambani wiki moja au mbili kabla ya kuvuna na kupima na mwenye shamba, punje zichanganywe za pande zote za mstari zikamuliwe pamoja, ili anapofika kituoni namba anaijua tayari na kama bado hazijakomaa aambiwe akiwa bado hajakodi gari. Kifaa kisawazishwe kila asubuhi kwa maji safi kisome sifuri mbele ya watu. Na zije kwenye kreti asubuhi na mapema, sio kwenye viroba, zikifika zimepondeka zinaanza kuchacha hata kabla ya kupimwa. Msimu wa mwezi wa nane na wa tisa hauko mbali ndo maana nimeona niyaseme sasa hivi. Samahani kwa gazeti, hakuna haraka ya kujibu yote.

Jumatano 18 Juni, saa 4:41 asubuhi

Rehema: Habari Emanueli. Samahani kwa ukimya, bajeti ya hiyo nafasi ilikuwa haijapitishwa na sikutaka kukupa jibu la kukuzungusha. Imepita juzi. Maombi tumepokea mengi na mchujo haujaisha ila hilo la kupima na mkulima kabla hajakodi gari nimelipeleka kwa meneja wa uzalishaji na amelipenda. Nisaidie haya kabla sijaendelea: 1) una leseni ya pikipiki? 2) Kigogo unaongea au unasikia tu? 3) mshahara unaotarajia. 4) unaweza kuanza lini. Na nieleze ukweli, umewahi kusimamia watu au ulikuwa unapima tu?

Saa 5:10 asubuhi

Emanueli: Ahsante sana dada, hata hilo la bajeti umenisaidia kulijua. Naenda moja moja.

Emanueli: Leseni ninayo, daraja A, bado hai, na pikipiki naendesha kila wiki Kibaigwa–Dodoma kwa hiyo barabara za vumbi za Hombolo na Mpunguzi sio tatizo, tatizo ni masika tu na hilo ni la kila mtu.

Emanueli: Kigogo naongea, ndo lugha ya nyumbani. Mbukwenyi ya barabarani kila mtu anaijua, ila mimi naweza kukaa na mzee nikamweleza kwa nini zabibu zake zimepigwa na ubwiri na salfa alitakiwa apige lini, bila kuchanganya Kiswahili kila neno la pili. Kuna wazee ukiwaongelesha Kiswahili wanaitikia ndio, ndio, halafu wanafanya vilevile walivyozoea.

Emanueli: Mshahara: natarajia kati ya laki 8 na laki 9 na nusu kwa mwezi kabla ya makato, NSSF ikilipwa kama sheria inavyotaka. Hapa nilipo napata chini ya hapo, sikufichi, ila hapa sitembei mashambani na simu na mafuta sijigharamii. Kama pikipiki na mafuta ni vya kampuni basi hiyo laki 8 tunaongea vizuri, kama natumia pikipiki yangu naomba tuikadirie posho ya mafuta kando isimezwe na mshahara, maana nimeona watu wanapewa mshahara mzuri kwenye karatasi na nusu inaishia sheli.

Emanueli: Kuanza: mkataba unaisha tarehe 30 Juni, nikipata jibu kabla ya tarehe 25 sihitaji notisi, naanza Jumanne tarehe 1 Julai. Jibu likichelewa zaidi ya hapo ntakuwa nimeongeza mkataba na ntadaiwa notisi ya mwezi, yaani naanza Agosti ambapo wakulima wengine watakuwa wameshaanza kuvuna. Sikushinikizi dada, najua mchujo una utaratibu wake, nakuwekea tu tarehe ili usije ukashangaa mbele ya safari.

Emanueli: La kusimamia watu: rasmi hapana, kwenye karatasi mimi ni mpokeaji. Ila msimu wa mavuno wanaletwa vibarua wanane wa kushusha na wawili wa kupima, na anayewapanga zamu, anayejua nani kaja nani hajaja na anayekaa nao jioni kuhesabu magunia na risiti zilingane ni mimi, msimamizi mwenyewe anakuwa kwenye masoko mengine. Ukitaka kuthibitisha ntakupa namba yake, nimeshamwambia naomba kazi sehemu nyingine na hajakasirika, kasema tu nisimwache kwenye foleni.

Saa 9:32 alasiri

Rehema: Nimekuelewa, na nashukuru kwa kuweka tarehe wazi. Intavyuu ni Jumatatu tarehe 23, saa 3 asubuhi. Utakaa na mimi na meneja wa uzalishaji, halafu kutakuwa na zoezi dogo la vitendo. Jibu tutajitahidi litoke kesho yake. Namba ya msimamizi wako nitumie hapahapa. Njoo na vyeti halisi na leseni. Uko sawa na siku hiyo?

Saa 9:40 alasiri

Emanueli: Niko sawa kabisa dada, nashukuru sana. Jumapili jioni ntakuwa nimeshalala Dodoma kwa dada yangu Nkuhungu kwa hiyo habari ya gari kuharibika njiani haitakuwepo. Namba ya msimamizi nakutumia jioni nikishamtaarifu kwamba utampigia, asije akapokea simu ngeni akakata.

Emanueli: Swali moja tu la mwisho, hilo zoezi la vitendo ni hapo ofisini au mnatupeleka shambani? Nina rifraktomita yangu ndogo ya mkononi, kama inaruhusiwa nije nayo, na kama ni shambani nijue nivae viatu gani.

Rehema: Shamba la jirani na kituo, kutembea dakika kumi. Njoo nayo. Na vaa buti.

Emanueli: Sawa dada, Jumatatu saa 3.