Simu ya kukagua nyumba ya Mkomani: Alhamisi 30 Oktoba au Jumanne 4 Novemba

Lamu, Jumanne 21 Oktoba 2025

Bi. Salma,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima, na kwamba baridi ya huko Toronto bado haijaanza kuuma.

Nakuandikia kupanga ile simu ya kukagua nyumba yetu. Nimeshauriana na fundi na dada yangu, tukabakiwa na nafasi mbili. Tafadhali tuchagulie moja, hata ukijibu kwa neno moja, "kwanza" au "pili", yatosha.

NAFASI YA KWANZA: Alhamisi, 30 Oktoba 2025
Toronto: 09:30, yaani saa tatu na nusu asubuhi kwa kuhesabu kwetu
Lamu: 16:30, yaani saa kumi na nusu alasiri
UTC: 13:30

NAFASI YA PILI: Jumanne, 4 Novemba 2025
Toronto: 12:30, yaani saa sita na nusu mchana
Lamu: 20:30, yaani saa mbili na nusu usiku
UTC: 17:30

Zote mbili ni za dakika 45, kwa Google Meet. Kiungo nitakutumia mara tu utakapochagua.

Ukipiga hesabu utaona kwamba katika nafasi ya kwanza tumepishana saa 7, na katika ya pili saa 8. Sijakosea. Jumapili ya tarehe 2 Novemba saa zenu zinarudishwa nyuma, na sisi huku hatugusi saa mwaka mzima. Wewe wayajua haya kuliko mimi, lakini nayasema kwa sababu nafasi hizi zimekaa kila moja upande wake wa Jumapili hiyo, na mtu akiihesabu ya pili kwa tofauti ya leo atakuja saa nzima mbali na wenzake. Mpwa wangu, aliye chuoni Mombasa, alinihesabia akanipa jibu la leo kwa zote mbili. Ilibidi nimrudishe kwenye kalenda.

Tena kuna lile la mwezi uliopita, ambalo bado naona haya nikilikumbuka. Mimi nilikuandikia "saa tatu usiku" nikikusudia saa tatu yetu, ambayo kwako ingekuwa 14:00 mchana mweupe. Ofisini kwako ikaingizwa kwenye kalenda kama 3:00 usiku. Ukaamka saa tisa za usiku, ukakaa mbele ya kompyuta unaningoja, na mimi wakati huo niko sokoni saa nne asubuhi napigania bei ya samaki wa changu. Kosa lilikuwa langu. Barua inayokwenda mbali haiandikwi kama mtu anayemwambia jirani wakati wa barazani. Ndiyo maana leo kila saa nimeiandika kwa tarakimu za saa 24 kwanza. Anayeingiza kwenye kalenda yako asome tarakimu hizo tu, maneno ya pembeni ayaache.

Na la usiku lina mtego wake mwingine. Mama yangu, kama wazee wengi wa hapa, huianza siku magharibi. Nikimwambia simu ni Jumanne usiku, yeye huita huo usiku wa Jumatano, na atawaambia watu wa nyumbani hivyo hivyo. Basi kwa nafasi ya pili twende kwa kalenda ya ukutani: tarehe 4, Jumanne, kwako ikiwa mchana na kwetu baada ya isha. Nyumbani nitayasawazisha mwenyewe.

Sasa nikueleze tofauti ya nafasi hizi, maana si sawa, na uamuzi nauacha kwako wewe mwenye macho ya kazi.

Ile ya kwanza ina mwanga. Saa kumi na nusu jua linaingia kwa upande katika ua wa ndani, na fundi atakuwa juu ya ngazi ndani, akiwa na patasi na tochi, tayari kukuonyesha unachotaka. Atagonga boriti uisikie kama inaitika au imekuwa uvungu. Ataingiza bisibisi pale boriti inapozama ukutani uone inakwenda kiasi gani. Fundi anatoka Matondoni na hupenda kurudi kabla ya kiza. Siku hizo jua linatua mara tu baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo tukimaliza saa kumi na moja na robo anawahi bila wasiwasi. Ubaya wake ni mtandao. Jioni mtaa mzima uko kwenye simu, na kuta zetu unazijua, mawe ya matumbawe yenye unene wa nusu mita. Chumba cha ndani, ambacho ndicho unachotaka kukiona, ndicho kisichopata mawimbi. Nitavuta waya kutoka kwenye rauta iliyo juu darini. Nimejaribu juzi, picha ilikuja, lakini ilikatika mara mbili ndani ya nusu saa.

Ile ya pili ina utulivu. Watu wamekwisha kuswali na kula, dada yangu wa Malindi ametoka kazini na anaweza kuwa nasi mwanzo hadi mwisho. Yeye ni mmoja wa warithi watatu, na bila neno lake hakuna shilingi inayotoka. Fundi hatakuwepo. Utaona picha na video tutakazopiga mchana wa siku hiyo, na mimi nitajibu ninayoyajua. Ukitaka boriti igongwe saa hiyo, hapana wa kuigonga ila mimi, na sikio langu ni la mwalimu mstaafu.

Ukiniuliza mimi, naegemea ya kwanza. Dada anaweza kusomewa tuliyozungumza, lakini boriti haisomwi kwa barua. Ila nawe una kazi zako asubuhi, na kama saa tatu na nusu ndiyo saa yako ya vikao, sema bila kunionea haya.

Nikueleze pia kwa nini sitaki tupite tarehe 4. Ule ushauri wako wa kubandika vipande vya plasta juu ya ufa tuliufuata. Tarehe 6 Septemba fundi alibandika vitatu kwenye ukuta wa zidaka, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa penseli. Viwili vizima. Cha katikati kimepasuka. Nilikiona Jumamosi asubuhi, mstari mwembamba kama unywele, umevuka kutoka upande huu hadi huu. Hivyo ukuta unatembea, au dari inausukuma, na hilo ndilo ninalotaka kulisikia kinywani mwako kabla vuli haijakolea. Mvua imekwisha kunyesha mara mbili wiki hii, si kubwa, lakini pembe ya kaskazini chokaa imeanza kufura tena kwa chumvi.

Kwenye simu nina maswali matatu, nayo nayaweka hapa upate kuyafikiria mapema. La kwanza, boriti tatu zilizooza ncha: je, twaweza kukata pale palipooza na kuunga kipande kipya chenye kukalia ukuta, au ni lazima zitoke nzima? La pili ni ile saruji. Marehemu baba aliupiga ukuta wa ndani plasta ya saruji akidhani anauokoa, na sasa unyevu hauna pa kutokea. Fundi anataka kuibandua yote mara moja. Mimi naogopa, kwa sababu sijui kama hiyo saruji ndiyo inayoushika ukuta usimomonyoke. Tubandue kabla ya kuweka miti ya kuegemeza dari au baada yake? La tatu, hizo zidaka zenyewe, zile safu mbili za juu zenye nakshi: tuzifunike kwa kitu gani wakati wa kazi? Hilo la tatu likikosa muda, litasubiri. La pili ndilo linaloninyima usingizi.

Vibali usivihofu. Mji wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na sisi hatupigi nyundo kabla ya kupita ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa Lamu. Ila watataka maelezo ya maandishi ya kazi itakavyofanywa, na hayo yatategemea utakayotuambia.

Tukikatika katikati ya simu, usihangaike kunipigia. Nitarudi mwenyewe ndani ya dakika 10, kwanza kwa kiungo kile kile, kisha kwa sauti tupu ya WhatsApp. Umeme ukizima mtaa mzima, rauta ina betri ya kutosha saa mbili. Dakika 15 zikipita hujanisikia, jua nimeshindwa, na hapo nafasi nyingine inashika moja kwa moja bila kuandikiana upya: ya kwanza ikiharibika tunakutana ya pili. Ukichagua ya pili nayo ikaharibika, nitakuandikia usiku huo huo.

Naomba jibu kabla ya Jumatatu tarehe 27 Oktoba, saa 11:00 ya Toronto, ambayo ni 18:00 ya hapa. Fundi anataka kujua mapema ili asipange kazi nyingine Alhamisi. Jana, Siku ya Mashujaa, nilimngoja mchana kutwa, kumbe alikuwa ameitwa Shela. Kama nafasi zote mbili hazikufai, nitajie siku yoyote isiyo Ijumaa, nami nitawarudia wenzangu.

Ada ya dola 120 za Kanada tuliyokubaliana nitaituma siku moja kabla ya simu, kwa njia ile ile ya mara ya kwanza.

Wasalaam, na mama anakusalimu sana. Anasema ukija Lamu usifikie hoteli.

Athman
Mkomani, Lamu

Nyongeza: Picha za ufa nitazituma keshokutwa. Safari hii nimeweka rula pembeni ya kila ufa kama ulivyoagiza, na nimepiga kila mahali mara mbili, kwa mbali na kwa karibu. Picha ya nne ina kivuli cha paka, usidhani ni unyevu.