Kuazima na kukopa: cherehani moja, vitenzi viwili

Tofauti inaonekana wazi zaidi kitu kikiwa kile kile na kitenzi kikabadilika:

*Rehema aliazima cherehani ya jirani, akashona sare za watoto, jioni akairudisha.*

*Rehema alikopa cherehani dukani, na sasa analipa shilingi 30,000 kila mwezi mpaka deni liishe.*

Katika sentensi ya kwanza cherehani haikuacha kuwa ya jirani hata kwa saa moja. Rehema alipewa matumizi tu, na kinachorudi ni cherehani ile ile. Katika ya pili cherehani imehamia kwa Rehema, na kilichobaki mikononi mwa mwenye duka ni deni. Harudishiwi cherehani, analipwa thamani yake.

Kwa hiyo anayetilia shaka kitenzi cha kutumia atazame ahadi inayofuata. Ikiwa ni "nitakurudishia", chagua *azima*. Ikiwa ni "nitakulipa", chagua *kopa*. Ngazi, jembe, mwavuli na kitabu cha maktaba huazimwa. Fedha za benki au za chama cha akiba na mikopo hukopwa, kwa sababu noti zikishatumika hazirudi zile zile. Hata bidhaa za dukani hukopwa: aliyechukua unga leo akaandikwa kwenye daftari ili alipe mwisho wa mwezi amekopa unga, hakuuazima.

Chumvi na sukari ndizo zinazoleta ubishi. Kwa mantiki hiyo, kikombe cha sukari kilichokwishaungwa kwenye chai hakiwezi kuazimwa. Hata hivyo jirani husema "niazime sukari kidogo", na wengi husema pia "niazime elfu tano". Si sahihi kulihesabu hilo kuwa kosa la lugha. Msemaji anachagua *azima* ili ombi lionekane dogo, la muda mfupi, la watu wanaojuana. "Nikopeshe" linaleta harufu ya deni na tarehe ya kulipa. Katika maandishi rasmi, mkataba hasa, nafasi hiyo haipo: fedha andika *kopa* na *kopesha*.

Sarufi ndiyo inayoangusha wengi zaidi. *Kopa* ni tendo la anayepokea peke yake, anayetoa *hukopesha*. Ukitaka kupewa sema "nikopeshe", kwani "nikope" haimwombi mtu akupe chochote. *Azima* lakini hutumika pande zote mbili, kwa hiyo viambishi na kihusishi ndivyo vinavyobeba maana:

*Asha ameazima kalamu kwa Juma.* Kalamu ni ya Juma.

*Asha amemwazima Juma kalamu.* Kalamu ni ya Asha.

Ukidondosha *-mw-* katika sentensi ya pili, au *kwa* katika ya kwanza, msomaji hajui tena mwenye kalamu ni nani. Katika mazungumzo hata kiimbo hufanya kazi: "Niazime kalamu." ni ombi la kupewa, ilhali "Niazime kalamu?" yaweza kuwa swali la mtu anayetaka ushauri kama achukue ya mwenzake. Wapo wanaosema *azimisha* kwa upande wa mtoaji ili kukwepa utata huo.

Tahadhari na *azimia*. Umbo linafanana lakini maana ni kuamua kwa dhati, na ndiko linakotoka *azimio*, kama katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa hiyo kitu ulichoazima usikiite "azimio". Kiite kitu cha kuazima. Upande wa *kopa* nomino zimejaa: mkopo, mkopaji, mkopeshaji. Wanaisimu nao husema "maneno ya mkopo" kwa yale Kiswahili kilichoyatwaa kutoka lugha nyingine, ingawa hakuna anayeyalipia.

Methali zinaushika mpaka huo vizuri. "Nguo ya kuazima haisitiri matako" inasema nguo ina mwenyewe na anaweza kuidai wakati wowote. "Kukopa harusi, kulipa matanga" inasema kupokea ni furaha na kulipa ni uchungu. Jaribu kubadilishana vitenzi, zote mbili zitalegea.

Kwa mtahiniwa anayeambiwa atunge sentensi kuonyesha tofauti: "Juma aliazima kitabu" na "Juma alikopa pesa" ni sentensi sahihi, lakini hazionyeshi tofauti, kwa kuwa kitabu na pesa ni vitu viwili mbalimbali na hakuna kinachosema mwisho wake. Tia kirai kinachofichua hatima ya kitu: *Juma aliazima baiskeli ya kaka yake kwa siku mbili, kisha akamrudishia*, *Juma alikopa baiskeli kwa fundi, akamaliza kuilipa baada ya mavuno.*