Arekebishwe mtu au irekebishwe kazi? Mitazamo miwili ya ulemavu na ajira Tanzania

Matangazo ya nafasi za kazi serikalini siku hizi huwa na maelekezo ya kutia moyo: waombaji wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na waainishe kwenye mfumo ulemavu walionao. Nia ni njema. Lakini tuangalie kinachoulizwa. Mwombaji anaambiwa aeleze mwili wake una nini. Tangazo halimuulizi atahitaji nini ili afanye usaili, afike ofisini na atimize majukumu yake. Hoja ya insha hii ni kwamba sheria yetu ya ulemavu imeandikwa kwa mtazamo wa kijamii, ila mlangoni pa ajira bado tunafanya kazi kwa mtazamo wa kitabibu, na anayelipia pengo hilo ni mtafuta kazi.

Mtazamo wa kitabibu unaliona tatizo ndani ya mtu. Mguu haufanyi kazi, sikio halisikii, jicho halioni vizuri, basi mtu atibiwe, afundishwe upya, na ikishindikana aonewe huruma. Mtazamo wa kijamii unatenganisha mambo mawili: hitilafu iliyoko mwilini na vikwazo ambavyo jamii imeviweka. Uliandikwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1976 kikundi cha UPIAS huko Uingereza, kilichoanzishwa na Paul Hunt, kilitoa waraka uliosema kwamba jamii ndiyo inayowatia ulemavu watu wenye hitilafu za mwili, kwa kuwatenga pasipo sababu. Miongoni mwao alikuwamo Vic Finkelstein, mtumiaji wa kiti cha magurudumu aliyekuwa amefungwa Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Kwangu hilo lina uzito. Mtu aliyeishi chini ya sheria zilizopanga nani aingie mlango gani hakuhitaji kufundishwa kwamba mlango hujengwa na watu. Mwaka 1983 Mike Oliver, msomi wa Uingereza mwenye ulemavu, aliipa fikra hiyo jina linalotumika hadi leo, mtazamo wa kijamii.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Tafsiri zake za mwanzo zinataja vikwazo vya mitazamo, vya mazingira na vya kitaasisi. Ukiishia hapo, utasema mtazamo wa kijamii umeshashinda. Ukifika kifungu cha 31 mambo yanabadilika: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Ya watu 33 ni 0.99. Mwajiri mdogo anayetafuta upenyo ameshaupata kwenye kikokotoo, na mkubwa anaweza kutimiza hesabu kwa kuwaajiri wale ambao ulemavu wao haumdai chochote: asiye na vidole viwili, anayechechemea kidogo. Kipofu na kiziwi wanabaki nje, na taarifa ya mwaka inasomeka vizuri.

Viwango hivyo vina historia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1944, iliyotungwa kwa ajili ya majeruhi wa vita, ilikuwa na kizingiti hichohicho cha wafanyakazi 20, na baadaye kiwango hichohicho cha asilimia 3. Waajiri wengi hawakukifikia, waliofikishwa mahakamani walikuwa wachache mno, na sheria ya mwaka 1995 ikakiondoa. Sisemi tufute chetu. Nasema kuhesabu miili peke yake kulishajaribiwa kwenye nchi yenye mkono mrefu wa serikali kuliko wetu, na hakukutosha.

Chukulia binti kiziwi wa Mbagala aliyemaliza mafunzo ya ushonaji na kuitwa usaili kwenye kiwanda cha nguo. Ujumbe wa wito unamtaka apige simu kuthibitisha. Hakuna mkalimani wa lugha ya alama, kwa hiyo anakwenda na dada yake. Jopo linamgeukia dada: “Huyu ataweza kweli?” Anapewa kitambaa, anashona mfuko wa shati, mshono umenyooka. Kinachoanza kujadiliwa ni kengele. Zamu hubadilika kwa kengele, na tahadhari ya moto ni kengele, basi usalama wake utakuwaje? Ataambiwa asubiri kupigiwa simu.

Mtazamo wa kitabibu unahitimisha kwamba binti hafai kwa mazingira hatarishi. Mtazamo wa kijamii unaitazama kengele. Taa inayomulika ukutani, iliyounganishwa na kengele hiyohiyo, inamaliza hoja ya moto na ya zamu kwa pamoja, na itamsaidia pia fundi anayesikia vizuri lakini yuko katikati ya mashine arobaini zinazonguruma. Hakuna daktari anayehitajika hapo. Anahitajika fundi umeme, na mtu mwenye mamlaka ya kusema taa ifungwe.

Hata hivyo, wapo waliouchukulia mtazamo wa kijamii kana kwamba mwili haupo, na wasomi wenye ulemavu kama Tom Shakespeare wamewapinga kwa haki. Mtu mwenye ualbino anayefanya kazi ya barabara anaunguzwa na jua lenyewe, na saratani ya ngozi haitokani na dharau za majirani. Anahitaji losheni ya kukinga jua, kliniki ya ngozi, na miwani kwa uoni hafifu. Matibabu hayo ni haki yake. Lakini losheni ikishapatikana, ratiba ya kazi inabaki mikononi mwa msimamizi, na kumpangia zamu ya asubuhi na jioni hakuhitaji dawa. Vivyo hivyo kwa aliyeumia kazini: daktari lazima apime kiwango cha madhara ili alipwe fidia. Kosa ni pale cheti hicho cha fidia kinapogeuzwa hukumu kwamba hataweza tena kazi yoyote.

Kwa hiyo napendekeza mabadiliko matatu, na la kwanza halina gharama kubwa. Mfumo wa maombi ya ajira uongeze swali la mahitaji: mkalimani, maandishi makubwa, nukta nundu, chumba cha chini, muda wa ziada. Jibu liende kwa mwandaaji wa usaili, lisiwe sehemu ya alama. Pili, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, tayari inasajili na kukagua sehemu za kazi. Mkaguzi anayepima vizima moto aangalie pia ngazi, choo na tahadhari za kuonekana, na aandike kilichokosekana pamoja na muda wa kukirekebisha. Asilimia 3 ibaki, lakini taarifa ya mwajiri ioneshe pia marekebisho aliyoyafanya na aina za ulemavu zilizomo kwenye hesabu yake.

La tatu ni fedha, na hapa ndipo sera nyingi huishia. Katika mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 2 zimetengwa kwa watu wenye ulemavu, na zimesaidia ujasiriamali. Ila mkopo unamtaka mtu mwenye ulemavu ajitengenezee kazi yake mwenyewe na kuubeba mzigo wa kurejesha, huku kiwanda kikiachwa kama kilivyo. Uingereza, tangu mwaka 1994, serikali imekuwa ikichangia gharama za vifaa, wasaidizi na wakalimani kazini. Sisi tuna tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri wanailipa tayari. Sehemu yake itengwe irudi kwa mwajiri anayeleta ankara ya njia ya mteremko, ya programu ya kusoma skrini au ya mkalimani, na ilipwe baada ya mfanyakazi mwenyewe kuthibitisha kwa saini kwamba kifaa kipo na anakitumia.